Kabla hujasitisha malipo ya hifadhi ya picha, jua kila picha inakaa wapi

Watu wengi wanaolipia hifadhi ya picha mtandaoni huamini kwamba siku watakayoacha kulipa ndiyo siku picha zao zitakapofutwa. Woga huo huwafanya wengine waendelee kulipa miaka na miaka kwa hifadhi wasiyoihitaji, na wengine wafute vitu haraka haraka kabla tarehe ya malipo haijafika. Hofu hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Kusitisha malipo kwenyewe hakufuti picha hata moja. Picha hupotea kwa yale mwenye simu anayoyafanya kabla na baada ya kusitisha: anapofuta ili apate nafasi, anapomkabidhi fundi simu ya zamani aifomati, anapodhani picha anayoiona kwenye kioo imo ndani ya simu ilhali haimo.

Nitaeleza zaidi habari za Google Photos na kifurushi chake cha kulipia kinachoitwa Google One, kwa kuwa ndiyo hifadhi inayokuja na simu nyingi za Android, na simu nyingi mikononi mwetu ni za Android. Wenye iPhone nitawagusia mbele kidogo.

Kila akaunti ya Google hupewa GB 15 za bure. Nafasi hiyo hutumiwa kwa pamoja na picha, barua pepe za Gmail, faili za Drive, na siku hizi pia nakala ya mazungumzo ya WhatsApp kwa wenye Android. Zikijaa, ujumbe huanza kukuandama kila ukifungua simu, na hapo ndipo mtu hununua kifurushi cha GB 100 au zaidi. Analipa kwa mwezi au kwa mwaka. Baada ya muda anapata simu mpya yenye nafasi kubwa, au anaona malipo yanamchosha, naye anaamua kuacha. Hapo maswali huwa mawili: nini kitatokea nikiacha, na nifanye nini kabla ya kuacha?

Swali la kwanza lina jibu fupi. Ukisitisha leo, kwa kawaida kifurushi huendelea hadi mwisho wa muda uliokwisha kuulipia, kisha nafasi yako hurudi kwenye zile GB 15. Kama vitu vyako vyote ni chini ya hapo, hakuna kinachobadilika. Kama vimezidi, picha za zamani zinabaki palepale, unaziona, unaweza kuzipakua, ila mpya hazipandi tena. Jambo linaloumiza zaidi, na ambalo wengi hawalitarajii, ni kwamba Gmail nayo inasimama: hutumi barua wala hupokei. Anayekuandikia hurudishiwa barua yake. Kwa mtu anayesubiri majibu ya kazi au taarifa za benki, hilo ni tatizo la siku ileile.

Kuna na kikomo cha muda. Kwa utaratibu ulioanza tarehe 1 Juni 2021, akaunti iliyozidi nafasi yake kwa miaka 2 bila kupunguzwa wala kulipiwa inaweza kufutiwa vilivyomo, baada ya mwenyewe kuonywa. Kwa hiyo si kwamba picha ziko salama milele. Ziko salama kwa muda wa kutosha kufanya kazi hii kwa utulivu, na asiyefungua Gmail yake hataliona onyo.

Swali la pili ndilo lenye uzito, na linaanza kwa kujua kila picha inakaa wapi.

Ukifungua Google Photos unaona picha zote zimepangwa kwa tarehe, za jana na za miaka saba iliyopita, na zote zinaonekana sawa. Lakini haziko mahali pamoja. Kuna zilizo mtandaoni na kwenye simu pia. Kuna zilizo mtandaoni tu. Na kuna zilizo kwenye simu tu, ambazo hazijawahi kupanda kokote. Programu inazichanganya pamoja ili zikupendeze machoni, na mchanganyiko huo ndio unaoleta hasara siku ya kubadili simu.

Picha huwaje mtandaoni tu? Mara nyingi ni kwa sababu ya kitufe kinachosomeka Free up space. Simu ikijaa, programu hukushauri ukibonyeze, nawe ukibonyeza, inaondoa kwenye simu kila picha ambayo imekwisha kupanda mtandaoni. Simu inapata nafasi, picha bado unaziona, na baada ya miezi michache umesahau kabisa kwamba ulibonyeza. Kuanzia hapo nakala pekee ya picha hizo ni ile iliyo mtandaoni. Ukiunganisha simu na kompyuta kwa waya ukanakili kila kitu, hutazipata, kwa sababu hazimo.

Na picha huwaje kwenye simu tu? Google Photos hupandisha zile za kamera peke yake, isipokuwa umeiambia vinginevyo. Picha zilizokuja kwa WhatsApp, picha za kioo ulizopiga risiti za malipo, zilizopakuliwa na zilizohaririwa kwa programu nyingine hukaa kwenye mafaili yao wenyewe, na kila faili huwashwa peke yake kwenye mipangilio, mahali panaposomeka Back up device folders. Familia nyingi leo picha za harusi, za mtoto mchanga na za wazee waliotangulia zimekuja kwa WhatsApp. Hizo ndizo hupotea simu ikifomatiwa, huku mwenyewe akijua moyoni kwamba alikuwa analipia hifadhi.

Pana kundi jingine dogo la kuangalia kwa makini: Locked Folder, yaani sehemu ya siri ndani ya Google Photos inayofunguliwa kwa alama ya kidole au namba. Vilivyomo humo havipandi mtandaoni mpaka uwe umewasha jambo hilo makusudi. Simu ikifomatiwa vinaondoka moja kwa moja. Waliohifadhi humo picha za vyeti na hati za kiwanja wanapaswa kuvitoa kwanza.

Kutambua picha iko wapi ni rahisi. Fungua picha moja ya zamani ndani ya Google Photos na utazame orodha ya vitendo vyake. Ukiona neno Download, picha hiyo haimo kwenye simu. Ndiyo maana unaalikwa kuipakua. Ukiona Delete from device, basi imo kwenye simu na mtandaoni pia. Ukiivuta juu kusoma maelezo yake, utaona kama imehifadhiwa mtandaoni na kama ina njia ya faili ndani ya simu. Fanya hivyo kwa picha tatu au nne za kila mwaka. Watu wengi hutegemea jaribio la kuzima data na kutazama kama picha zinafunguka. Jaribio hilo linadanganya, kwa kuwa simu huweka vivuli vidogo vya picha na huvionyesha hata bila mtandao. Ukilitumia, ikuze picha kwa vidole: ikibaki na ukungu, hicho ni kivuli tu.

Sasa tumchukue mtu wa mfano tumfuate hatua kwa hatua. Ni mwalimu wa sekondari Morogoro, ana simu ya zamani yenye nafasi ya GB 64, amenunua mpya ya GB 128, na anataka kuacha kifurushi cha GB 100 anacholipia kwa mwezi. Anafungua one.google.com/storage na kusoma: picha GB 34, Gmail GB 4, nakala ya WhatsApp GB 3. Jumla ni GB 41. Akisitisha leo bila kufanya lolote, mwezi ukiisha atakuwa amezidi kwa GB 26, na barua pepe zitakwama.

Kwenye simu yenyewe, programu ya mafaili inamwonyesha kwamba picha za kamera zilizomo ni GB 9 tu, na ya zamani kabisa ni ya Machi mwaka jana. Ndiyo kusema kila alichopiga kabla ya hapo kiko mtandaoni pekee. Miaka yote ya mahafali, ya ujenzi wa nyumba, ya mazishi ya baba yake, ina nakala moja tu duniani, nayo iko kwenye akaunti anayotaka kuipunguza.

Kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha vilivyo kwenye simu tu vimepata nakala. Anabonyeza picha yake ya akaunti pembeni juu ndani ya Google Photos na kusubiri mpaka ione Backup complete. Kisha anaunganisha simu na kompyuta kwa waya, anachagua kwenye simu ruhusa ya kuhamisha mafaili, na kunakili mafaili mawili: DCIM, ambamo mna picha za kamera, na lile la WhatsApp, ambalo kwenye Android za sasa liko ndani zaidi:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
```

Pictures na Download nayo ananakili, maana ndimo picha za kioo na zilizopakuliwa hujificha kwenye simu nyingi.

Kazi ya pili ni kutoa nakala ya vilivyo mtandaoni. Google wana huduma ya bure kwa ajili hiyo, inaitwa Takeout, na hufunguliwa kwa kivinjari kwenye takeout.google.com. Ukiingia unakuta kila huduma imetiwa alama. Bonyeza Deselect all kwanza, kisha tia alama kwenye Google Photos peke yake, la sivyo utapakua barua pepe na historia ya ramani usizozihitaji. Ukiendelea utaulizwa mambo matatu, na matatu yote yana maana.

La kwanza ni upelekewe vipi. Chagua kutumiwa kiungo kwa barua pepe. Ukichagua kuviweka kwenye Drive, vitakula nafasi ileile unayojaribu kuipunguza. La pili ni mara ngapi. Chagua mara moja. La tatu ni ukubwa wa kila fungu: GB 2, 4, 10 au 50. Mwalimu wetu anachagua GB 2, na kwa mitandao yetu nadhani ndio uchaguzi wa busara. Mtandao ukikatika katikati ya fungu la GB 50, unaweza kulazimika kuanza upya na bando limekwisha kuliwa. Likikatika la GB 2, hasara ni ndogo. Isitoshe, flashi nyingi za bei nafuu zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye GB 4 au zaidi. Mtu anakuwa na flashi ya GB 64 iliyo tupu kabisa, kompyuta inakataa kunakili, naye anadhani flashi ni mbovu.

Baada ya kubonyeza Create export, barua yenye viungo huja baada ya saa kadhaa, na kwa akaunti kubwa hata siku kadhaa. Viungo hivyo vina siku 7 za uhai. Kwa hiyo usiombe siku ambayo huna mtandao wa kutosha wiki hiyo. Omba ukiwa umepanga utapakulia wapi: ofisini kwa ruhusa, kwa ndugu mwenye mtandao wa nyumbani usiohesabu GB, au kwa bando la usiku. Kompyuta ya intaneti kafe si mahali pazuri pa kazi hii. Ukilazimika, pakua moja kwa moja kwenye diski yako, toka kwenye akaunti, na usiache mafungu kwenye kompyuta ya watu.

Hapa mwalimu anakutana na jambo linalowashangaza wengi. Google walimwambia picha zake ni GB 34, lakini barua ya Takeout imemletea mafungu 26, yaani karibu GB 52. Hakuna kosa. Hadi Mei 2021, picha zilizopandishwa kwa kiwango kilichoitwa High quality hazikuhesabiwa kwenye nafasi ya akaunti, na zile za wakati huo hazihesabiwi hata leo. Anazo nyingi za miaka 2018 hadi 2021. Hazionekani kwenye hesabu ya nafasi, lakini zipo na zina uzito wake. Vilevile picha iliyo ndani ya albamu inaweza kuja mara mbili, kwenye faili la mwaka na kwenye faili la albamu. Kwa sababu hizo mbili, andaa diski yenye nafasi mara mbili ya ile unayoambiwa unaitumia.

Akifungua mafungu anakuta mafaili yenye majina kama Photos from 2019, na pembeni ya kila picha kifaili kidogo kinachoishia na .json. Wengi huvifuta vifaili hivyo wakidhani ni takataka. Visifutwe. Ndani yake mna tarehe ya picha, mahali, na maelezo uliyoandika. Picha iliyopigwa kwa kamera ya simu kwa kawaida hubeba tarehe yake ndani yake yenyewe, kwa hiyo hiyo haina shida. Lakini picha iliyopita WhatsApp huvuliwa taarifa hizo njiani, na picha ya zamani iliyochanganuliwa, ambayo wewe mwenyewe uliirekebishia tarehe ndani ya Google Photos, haina tarehe sahihi popote isipokuwa kwenye kile kifaili. Dalili utaiona mara moja: ukizihamishia picha hizo kwenye simu mpya, mamia yanajipanga kana kwamba yote yamepigwa leo. Kwa za WhatsApp kuna msaada kwenye jina, kwani IMG-20210412-WA0003 ni picha iliyofika tarehe 12 Aprili 2021. Kwa nyingine msaada ni kutunza vifaili.

Na asiye na kompyuta? Anaweza kupakua mafungu yaleyale kwenye simu mpya kwa kivinjari na kuyafungua kwa programu ya mafaili, kwa mfano Files by Google. Afanye moja moja: apakue, afungue, atazame picha, kisha afute fungu ndipo apakue jingine, maana fungu na vilivyomo vikikaa pamoja vinakula nafasi mara mbili. Kabla ya kuanza azime Backup kwenye simu hiyo mpya, asije akazipandisha tena picha kule zinakotoka. Lakini nakala iliyo kwenye simu peke yake naiona haitoshi. Simu huibwa kwenye daladala, huanguka majini, na simu mpya ndiyo inayotamaniwa zaidi na wezi. Flashi au diski ya nje ni gharama ya mara moja, na kwa kazi hii ni ya lazima.

Kazi ya tatu ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu: kukagua. Mwalimu anahesabu mafungu kwanza. Majina yake yanaishia na namba, kuanzia 001, na lazima zifuatane mpaka 026 bila pengo. Likikosekana la 014, kuna picha ambazo hakuzipata, na hakuna kitu kingine kitakachomwambia. Kisha anafungua kila fungu. Linalokataa kufunguka limekatika njiani wakati wa kupakua, nalo hurudiwa kabla siku 7 hazijaisha. Halafu anaingia faili la kila mwaka, anafungua picha ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, anazilinganisha na zile anazoziona mtandaoni, na anaitazama video moja ndefu mpaka mwisho. Faili lililoharibika mara nyingi huonyesha picha ya juu vizuri na kugeuka kijivu chini, au video inacheza nusu na kuganda. Akimaliza ananakili yote kwenye diski ya pili, anampa dada yake aishikie. Diski moja iliyo kwenye droo moja ni nakala moja, hata kama picha zilizomo ni elfu kumi.

Mpaka hapa hajafuta wala kusitisha chochote. Kama kazi imemchukua muda na tarehe ya malipo imefika, ni afadhali alipe mwezi mmoja zaidi. Fedha ya mwezi mmoja si kitu mbele ya kukimbizana na kalenda na kufuta bila kukagua.

Sasa ndipo apunguze vilivyo mtandaoni, na hapa ndipo mkono unapaswa kuwa mzito. Ndani ya Google Photos, kufuta kwa kawaida ni kufuta kote: mtandaoni, kwenye simu ya zamani, kwenye simu mpya, kwenye kila kifaa kilichoingia kwa akaunti hiyo. Programu haikuulizi unafuta nakala ipi. Mtu anayefikiri, "Nafuta za mtandaoni, za kwenye simu zitabaki," anakuta zote zimeondoka. Vilivyofutwa hukaa kwenye Trash kwa siku 60 kama vilikuwa vimehifadhiwa mtandaoni, na siku 30 kama vilikuwa kwenye simu tu, na humo unaweza kuvirudisha. Ukiimwaga Trash mwenyewe, basi. Kwa sababu hiyo nakala za kutegemewa ni zile zilizo nje ya simu, kwenye diski isiyojua lolote kuhusu akaunti ya Google.

Mwalimu anaanza na video, maana ndizo nzito. Kwenye sehemu ya Manage storage kuna orodha ya Large photos & videos, na humo anakuta GB 19 za video za mahafali na mashindano ya shule. Zote ziko kwenye diski mbili, amekwisha kuzikagua, hivyo anaziondoa mtandaoni. Picha zinabaki GB 15. Kisha, kwa kompyuta, anaingia kwenye mipangilio ya photos.google.com na kutumia kitu kinachoitwa Recover storage. Hiki huzipunguza uzito picha zilizopandishwa kwa kiwango cha asili: zilizozidi megapikseli 16 hushushwa hadi hapo, na video hushushwa hadi 1080p. Kwa macho ya kawaida kwenye simu tofauti ni ndogo sana, ila hairudishwi ukishaifanya, ndiyo maana kinafuata baada ya Takeout na kamwe si kabla. Tuseme kwa mwalimu wetu GB 15 zinashuka hadi 7. Pamoja na Gmail na WhatsApp ana GB 14. Ameingia ndani ya nafasi ya bure, picha zake zote bado anaziona kwenye simu mpya akiingia kwa akaunti ileile, na zile zenye ubora wa asili ziko kwenye diski. Angetaka nafasi zaidi angezima video kwenye nakala ya WhatsApp, au afute barua pepe zenye viambatisho vikubwa.

Kusitisha kwenyewe hakuchukui hata dakika tano. Anafungua Play Store, anabonyeza picha ya akaunti, anaingia Payments & subscriptions, kisha Subscriptions, anachagua Google One na kusitisha. Jambo la kuangalia ni kwamba kuondoa programu ya Google One au Google Photos kwenye simu si kusitisha, na kutupa simu ya zamani pia si kusitisha. Malipo yamefungwa kwenye akaunti, si kwenye simu, na kadi itaendelea kukatwa. Mwenye kifurushi anachoshirikiana na familia awaambie wenzake mapema. Hadi watu 5 wengine wanaweza kuwa wanakitegemea, na siku kikiisha kila mmoja anarudi kwenye GB 15 zake. Mama aliyeko kijijini, ambaye mtoto wake wa mjini ndiye aliyemuunganisha, hatajua kwa nini simu yake imeanza kulalamika.

Wenye iPhone wana mtego wa aina hiyohiyo wenye jina tofauti. Nafasi ya bure ya iCloud ni GB 5 tu. Kwenye mipangilio ya picha kuna Optimize iPhone Storage, ambayo huacha kwenye simu picha ndogo na kuweka zile za asili mtandaoni. Kabla ya kuacha kulipa, ibadilishe iwe Download and Keep Originals na usubiri zishuke zote, kama simu ina nafasi. Anayehamia Android anaweza kuingia privacy.apple.com na kuomba nakala ya picha zake ipelekwe Google Photos. Apple wanasema kazi hiyo huchukua siku 3 hadi 7, na upande wa Google lazima pawe na nafasi ya kutosha kuzipokea. Hunakili tu, hazifuti kule zilikotoka. Albamu za kushirikiana haziendi, na Live Photos haziendi na mwendo wake. Kuzima iCloud Photos kwa kuchagua kufuta huacha siku 30 za kujirudi, kisha mlango unafungwa.

Simu ya zamani ndiyo ya mwisho kabisa. Usiifomati siku unayoipata mpya, hata kama fundi au mnunuzi amesimama mbele yako akisema, "Mwalimu, nipe nikusafishie hapahapa dukani." Iache kama ilivyo mpaka umeingia kwenye akaunti ukiwa na simu mpya, kwa sababu Google inaweza kutuma kibali cha kuingia kwenye ile ya zamani, na ukiwa umeshaifuta unabaki nje ya akaunti yako mwenyewe. Hamisha WhatsApp, fungua Locked Folder uone kama ni tupu, kisha ondoa akaunti ya Google kwenye mipangilio ndipo uifomati. Ukiifomati bila kuondoa akaunti, mnunuzi anaweza kuikuta imefungwa akarudi kwako kuomba nywila.

Tarehe ya malipo ikishapita, mwalimu ana mambo mawili ya kutazama. Anajitumia barua pepe kutoka anwani nyingine aone kama inaingia. Ikiingia, yuko ndani ya nafasi yake. Na anafungua tena Subscriptions kuhakikisha Google One haionyeshi tarehe mpya ya kukatwa fedha. Kuanzia hapo GB 1 iliyobaki itajaa polepole, kwa hiyo kila muhula unapofungwa ananakili picha mpya kwenye diski zote mbili, anazikagua, ndipo anapozipunguza mtandaoni.